Tangazo langu la kupunguza uzito limekataliwa mara nne na hakuna anayeniambia kosa ni neno gani

Jembe_Halimtupi: Wakuu, nimechoka na nimekasirika. Nina programu ya wiki 12 ya kupunguza uzito: mpango wa milo, mazoezi, na mazungumzo ya simu na mkufunzi kila wiki. Siuzi kidonge wala chai. Tangazo la kwanza lilisema hivi:

"Umechoka na kitambi chako? Punguza kilo 10 kwa siku 30, uhakika asilimia 100!"

Likakataliwa. Nikaondoa uhakika, likakataliwa. Nikaondoa kilo na siku, likakataliwa. Mara ya nne nikaandika "Jiunge na programu yetu ya kupunguza uzito", basi, na hilo nalo limekataliwa, na sasa akaunti ina onyo. Mara zote nne jibu ni sentensi ile ile: tangazo linakiuka sera ya afya na mwonekano wa mwili. Neno gani limekiuka? Nionyesheni nilifute! Na huku kila siku naona matangazo ya chai ya kuyeyusha mafuta yanapita.

Kipaza: Mkuu, weka chini "matokeo hutofautiana kati ya mtu na mtu", hapo umejikinga. Na usitumie "wewe" popote, hawataki. Neno kitambi liandike k1tambi, mashine haitalisoma.

Shamimu_B: Hiyo programu inamfaa aliyejifungua miezi mitatu iliyopita? Nanyonyesha.

Jembe_Halimtupi: Dada, muulize kwanza daktari wako. Hapa nalilia tangazo.

Mhariri_Mkongwe: Kipaza, hilo la k1tambi usimpe mtu tena. Ahadi iliyozidi inaangusha tangazo moja. Kuficha neno kunahesabika kama kukwepa mapitio, na hapo wanafunga akaunti nzima. Maneno ya "matokeo hutofautiana" nayo hayaokoi ahadi kubwa iliyoandikwa juu yake.

Kuhusu "wewe" umekaribia. "Utazungumza na mkufunzi" haina shida. Shida ni "kitambi chako", kwa sababu umemwambia msomaji usiyemjua kwamba ana kasoro mwilini. Swali halibadilishi kitu, "Je, una kisukari?" inaangukia hapo hapo.

Jembe, tangazo la kwanza lilikuwa na makosa matatu: kasoro ya msomaji, kilo kwa muda maalumu, na uhakika. Ulipotoa moja moja, yaliyobaki yaliendelea kukuangusha. Ila la nne halina kosa kwenye maandishi. Mtu akibofya anafika wapi?

Jembe_Halimtupi: Kwenye ukurasa wetu. Juu kuna picha za wateja wawili, kabla na baada. Ni wateja wa kweli na wameniruhusu.

Mhariri_Mkongwe: Umelipata kosa la nne. Ukurasa unapitiwa pamoja na tangazo, na maandishi yaliyo ndani ya picha na sauti ya video vivyo hivyo. Kwamba ni wateja wa kweli hakusaidii, maana picha mbili zikiwekwa bega kwa bega zinamwahidi kila anayetazama mwili ule ule. Shuhuda ya "nilipungua kilo 12" inahesabika kama ahadi yako pia.

Acha kuahidi mwili, ahidi kazi utakayoifanya wewe. Ningeandika:

"Programu ya wiki 12 ya milo na mazoezi kwa watu wazima. Kila wiki utazungumza na mkufunzi kwa simu na kupanga milo ya wiki inayofuata."

Kila neno hapo unaweza kulithibitisha. Picha iwe ya mtu anayepika au anayetembea, si tumbo lenye futi ya fundi cherehani. Umri uweke kuanzia 18.

Dalali_wa_Mkopo: Na sisi wa mikopo je? "Umekataliwa na benki? Pata pesa leo bila masharti" imegoma.

Mhariri_Mkongwe: Ugonjwa ule ule: umemtaja aliyekataliwa, na mkopo usio na masharti haupo. Kwako kuna la ziada. Google haikubali mkopo binafsi unaotakiwa kulipwa wote ndani ya siku 60, na ukurasa lazima uonyeshe muda mfupi na mrefu wa kulipa pamoja na riba ya juu kabisa kwa mwaka. Kunyoosha maneno peke yake hakutoshi.

Jembe_Halimtupi: Lile onyo niliombee rufaa?

Kipaza: Omba zote nne, usiwaachie.

Mhariri_Mkongwe: Mimi ningeombea la nne tu, baada ya kutoa picha. Yale matatu walikuwa sahihi.

Jembe_Halimtupi: Mrejesho. Nimetoa picha na shuhuda za kilo, nimeweka maneno ya Mhariri. Tangazo limepita asubuhi hii. Rufaa haijajibiwa, onyo bado lipo. Na bado nina hasira: "tazama picha za ukurasa wako" ni maneno matano, wangeshindwa nini kuniandikia mara ya kwanza?

Kipaza: Na ile chai inapitaje?

Mhariri_Mkongwe: Nyingine huonekana siku mbili kisha zinaondolewa. Nyingine sijui zinapitaje, nami zinaniudhi.