Eti "saini mzigo kamili, mengine tutamalizana"! Katoni 2 kati ya 6 hazionekani

Pampu_ya_Jua:
Wakuu, natoka uwanja wa ndege sasa hivi, ghala la mizigo, na mikono bado inatetemeka kwa hasira. Yule wa dirisha la kutolea mizigo, mnamjua wote, hana haja ya kutajwa. Shehena ni katoni 6 kutoka Guangzhou, pampu za sola. Zimetoka 4. Nauliza mbili ziko wapi, ananisukumia karatasi na kalamu: "Wewe saini mzigo kamili, mengine tutamalizana."

Mzigo kamili! Sita zimekuwa nne, halafu kamili! Mtoto wa chekechea anahesabu vizuri kuliko hilo ghala. Foleni nyuma yangu ilikuwa imefika nusu ya njia ya kwenda Pugu, kila mtu anapiga kelele, na yeye anagonga kalamu mezani: saini, saini, saini. Nimesaini. Kugeuka tu, ananiambia, "Si umesaini kamili? Sasa unadai nini?"

Narudia msome tena: "Si umesaini kamili?" Mtu mwenyewe ndiye aliyenipa kalamu!

Bima ninayo. Nimempigia wakala aliyenisafirishia, anasema nisubiri wiki tatu, labda zitakuja na ndege nyingine. Nifanye nini leo hii?

Kijiti_Mkavu:
Sita ukaziona nne, ukaandika sita. Hapo ghala linakudai wewe, katoni mbili.

Dada_Kariakoo:
Huyo wa dirishani ana digrii ya kugonga kalamu. Mjini mzima tumeshasainishwa. Pole mkuu.

Ghala_Namba_Saba:
Pampu_ya_Jua, acha kusubiri wiki tatu. Nipe vitu vinne: tarehe ya AWB, ile hati ya kusafirishia mzigo kwa ndege, tarehe ndege ilipotua Dar, ndani ya katoni mbili kulikuwa na nini, na uzito wake.

Kuhusu saini: imekuumiza, haijakumaliza. Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa usafiri wa ndege, unasema kupokea mzigo bila malalamiko ni ushahidi wa awali kwamba ulifika sawa. Ushahidi wa awali unapingwa kwa ushahidi mwingine. Lakini nguvu ya kuupinga inapungua kila siku unayokaa kimya, kwa hiyo barua ya pingamizi itoke leo, kabla ofisi hazijafungwa. Barua ya leo saa 9 inaonyesha mtu aliyegundua na kulalamika papo hapo. Barua ya wiki ijayo inaonyesha mtu aliyefika nyumbani akapoteza katoni mwenyewe.

Na usome nyuma ya cheti chako cha bima. Vyeti vingi vya shehena vina onyo kwamba usitoe risiti safi kwa mzigo wenye shaka bila kuandika pingamizi. Bima atauliza hiyo kabla ya kuuliza bei.

Pampu_ya_Jua:
AWB ni ya tarehe 2 Juni. Ndege imetua tarehe 5. Leo ni tarehe 9. Uzito wote kilo 180. Zilizopotea ndizo nyepesi, kilo 22 zote mbili, ila ndizo zenye kontrola, na pampu bila kontrola ni chuma tu! Thamani ya shehena pamoja na usafiri na bima ni dola 9,000, na hizo mbili peke yake ni 3,600.

Na bado ananiambia "si umesaini kamili".

Ghala_Namba_Saba:
Sawa. Leo rudi ghalani, na kwenye dirisha lile usirudi, nenda kwa msimamizi wa zamu. Omba ripoti ya upungufu, ile karatasi inayosema manifesti imeandika vipande 6 na vilivyohesabiwa ni 4. Ghala linaifungua mzigo unapopungua kwa sababu nalo linataka kujikinga dhidi ya shirika la ndege. Wakikataa, andika jina na cheo cha aliyekataa, na saa. Pima katoni 4 kwenye mizani na uchukue tiketi. Kilo 158 kwenye tiketi dhidi ya kilo 180 kwenye AWB ni tofauti ya kilo 22, na hiyo ndiyo inayovunja ile saini yako. Piga picha lebo zote nne, kwa sababu lebo zina namba ya AWB na idadi ya vipande.

Halafu barua mbili siku hiyohiyo. Moja kwa shirika la ndege, na nyingine kwa wakala aliyekupa AWB yake mwenyewe. Hapo ndipo wengi wanapigwa chenga. Kwenye AWB kuu ya shirika la ndege, mpokeaji ni wakala, wewe hupo. Shirika litakujibu "hatukutambui". AWB ya wakala ndiyo yenye jina lako, kwa hiyo wakala naye ni msafirishaji wako kwa mkataba, hata kama hana ndege hata moja. Mwandikie yeye, na mtake naye aandike kwa shirika la ndege kwa jina lake.

Barua isiwe ndefu. Kama ofisi ni ya kigeni iandike kwa Kiingereza, maudhui ni haya:

"AWB kuu namba … na AWB ya wakala namba …, Guangzhou hadi Dar es Salaam, vipande 6, kilo 180. Tarehe 9 Juni tumepokea vipande 4 tu, kilo 158. Vipande 2 havijafika. Saini iliyowekwa kwenye hati ya kupokelea haikubali kwamba mzigo ulifika wote. Tunakudai hasara yote na tunahifadhi haki zetu zote. Kiasi kamili kitafuata."

Usisubiri kiasi ndipo uandike. Tuma kwa baruapepe, na nakala peleka kwa mkono wakugongee muhuri wa kupokea.

Mwanasheria_wa_Mtaa:
Mkuu hapo juu anakutisha bure. Kwa mzigo ambao haujafika, AWB inakupa siku 120 tangu ilipotolewa, yaani hadi 30 Septemba. Halafu ukithibitisha wameiba wao wenyewe, kikomo cha fidia kinavunjika, unalipwa thamani yote.

Ghala_Namba_Saba:
Siku 120 ni kweli, na hesabu yako ya 30 Septemba ni sahihi. Lakini wewe ukiita "haujafika", wakili wao ataita "umefika pungufu", kwa sababu AWB ni moja na vipande 4 vimepokelewa. Upungufu akiuweka kwenye kundi la uharibifu, muda ni siku 14 tangu kupokea, yaani 23 Juni. Wanasheria wanabishana juu ya hili, na mimi sitaki mzigo wa mtu uwe uwanja wa ubishi wao. Ukiandika ndani ya siku 14, umefunga milango yote miwili. Katoni iliyofika ikiwa imechanwa na nusu tupu, hiyo haina hata ubishi, ni 14.

Kuhusu wizi, hapo umekosea. Kanuni hiyo ilikuwepo kwenye Mkataba wa zamani wa Warsaw. Chini ya Montreal kikomo cha mizigo hakivunjiki hata wakiiba wafanyakazi wao. Kinachokiondoa ni kutangaza thamani maalumu wakati wa kukabidhi mzigo na kulipia nyongeza. Kwenye AWB yako angalia sehemu ya thamani ya usafirishaji. Ukikuta NVD, hukutangaza.

Pampu_ya_Jua:
Imeandikwa NVD. Kwa hiyo naambulia ngapi?

Ghala_Namba_Saba:
Tangu 28 Desemba 2024 kikomo ni SDR 26 kwa kilo, kile kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kilo 22 mara 26 ni SDR 572, dola mia saba na kitu. Hiyo kwa kontrola za dola 3,600.

Ila Mkataba una kifungu wengi hawakigusi. Kipande kilichopotea kikiharibu thamani ya vipande vingine vya AWB ileile, uzito wa hivyo vingine nao unahesabiwa. Umesema pampu bila kontrola ni chuma. Basi dai kilo 180: SDR 4,680. Hasara ya zile dola 3,600 yote inaingia chini ya hapo. Pata barua ya kiwanda inayosema pampu hizo hazifanyi kazi bila kontrola zile. Watakujibu kwamba kontrola nyingine zinauzwa, kwa hiyo pampu hazijashuka thamani. Hapo sikuahidi kitu, inategemea barua ya kiwanda ina uzito gani.

Ndiyo maana bima ndiyo njia yako kuu. Kama umekatia 9,000 na asilimia 10 juu, sehemu ya katoni mbili ni 3,960, toa yale makato ya kwanza yaliyoandikwa kwenye hati ya bima. Mjulishe leo kwa baruapepe. Akishakulipa, haki ya kumdai msafirishaji inahamia kwake, ndiyo sababu ataichunguza hiyo barua ya pingamizi kuliko chochote. Usipoiandika, umemnyima pa kudai, na anaweza kukukatalia kwa sababu hiyo.

Faili la kumpelekea bima: AWB zote mbili, cheti cha bima, ankara, orodha ya vifungashio yenye uzito wa kila katoni, hati uliyosaini, ripoti ya upungufu, tiketi ya mizani, picha, nyaraka za forodha, barua zako na majibu yao. Msafirishaji akikiri kupotea, au zikipita siku 7 baada ya siku mzigo ulipopaswa kufika, unaweza kudai kama uliopotea. Kwako hiyo ni baada ya 12 Juni. Wiki tatu za wakala hazipo popote. Mahakamani mwisho ni miaka miwili tangu kufika.

Dada_Kariakoo:
Na ushuru wa katoni mbili ambazo hakuzipata? Mbona hamuuzungumzii?

Ghala_Namba_Saba:
Kama ulilipwa kwa 6, bima halipi ushuru mpaka ushuru wenyewe uwe umekatiwa. Hiyo ripoti ya upungufu ndiyo aipeleke forodha kuomba marejesho. Muda gani inachukua, waulizwe waliowahi kurudishiwa.

Kontena_la_Kikundi:
Mnalia na katoni mbili. Mimi nina CBM 3 za vigae kwenye kontena la kikundi, miezi miwili wakala anasema "meli iko njiani". Hizo siku 14 zinanihusu?

Ghala_Namba_Saba:
Hapana, yako ni bahari, usichanganye. Tanzania imeridhia Kanuni za Hamburg, na humo mzigo usiokabidhiwa ndani ya siku 60 baada ya muda wake unaweza kuuhesabu umepotea. Lakini geuza bili yako ya shehena usome sheria gani imeandikwa nyuma. Una bili, au una risiti ya wakala tu?

Kontena_la_Kikundi:
Nina ujumbe wa simu na picha ya vigae.

Kijiti_Mkavu:
😂😂 Huyu ana picha ya vigae. Pampu_ya_Jua, wewe tajiri.

Pampu_ya_Jua:
Narudi ghalani sasa. Msimamizi wa zamu. Nikimkuta yule wa kalamu…

Abiria_wa_Mwanza:
Ndege na meli mna mikataba. Sisi wa vifurushi vya basi je? Begi la nguo limekatiwa risiti Shekilango, Mwanza halikushuka, risiti imeandikwa "mzigo 1", basi.

Dada_Kariakoo:
"Mzigo 1"! Na nyuma ya risiti wanaandika hawahusiki na upotevu. Mimi wananiandikia hivyo kila wiki.

Kijiti_Mkavu:
Waambie waandike kilichomo na thamani mbele ya konda, wakikataa usipakie.

Abiria_wa_Mwanza:
Wakikataa nipakie kwa nani? Mabasi yote risiti ni ileile. Kuna mtu amewahi kulipwa na basi humu?