Naomba ushauri: mdogo wangu kaugua ghafla akiwa hedhini, na alikuwa anatumia tamponi

Habari zenu wapendwa. Mdogo wangu wa kike ana miaka 19. Mwezi uliopita, siku ya tatu ya hedhi, alilala na tamponi moja tangu jioni hadi karibu saa tano asubuhi. Akaamka anatetemeka, homa 39.4, anatapika na kuhara. Nilidhani ni malaria. Alipojaribu kusimama macho yakaingia giza, akashika ukuta. Hapo ndipo nikaona kifua na mapaja yamekuwa mekundu kama ngozi iliyounguzwa na jua, bila vipele na bila kuwasha.

Alitoa tamponi tukakimbia hospitali. Presha ilikuwa 82 kwa 45. Daktari alituambia ni mshtuko wa sumu: bakteria aina ya stafilokoka huzaliana kwenye tamponi iliyokaa muda mrefu, na sumu yao ikiingia kwenye damu hushusha presha na kuumiza figo na ini. Aliwekewa dripu na antibayotiki, akalazwa siku sita. Alisema tungesubiri hadi jioni tungechelewa.

Sasa ni wiki ya pili, ngozi ya viganja na nyayo inabanduka vipande vipande. Tuliambiwa itatokea, lakini kumwona hivyo kunaniumiza.

Ninachoomba: daktari amemkataza tamponi kabisa kwa kuwa ugonjwa huu unaweza kurudi hedhi zijazo. Yeye anataka kikombe cha hedhi, nami nasikia nacho kimewahi kuleta tatizo hilohilo. Waliopitia haya, mlirudi kwenye pedi tu? Na kuna aliyerudiwa?