Mikopo miwili: 9% yenye ada au 11% bila ada?

Rehema:
Hamjambo wote. Leo nimetoka ofisi ya mikopo kichwa kinaniuma. Nahitaji 10,000 za fedha ya hapa na nina barua mbili mezani. Ya kwanza: riba 9% kwa mwaka, miezi 36, rejesho 318 kwa mwezi, ada ya maombi 300 inayokatwa kabla hela haijaingia. Ya pili: 11%, miezi 24, rejesho 466, haina ada. Zote mbili riba ni ya salio linalopungua. Nilimuuliza afisa kama ile 300 imo ndani ya 9%, akanijibu "riba ni riba, ada ni ada," kisha akaita mtu wa nyuma yangu. Nimepewa hadi Ijumaa. Nidai karatasi gani inayoonyesha kiwango cha mwaka na ada ikiwemo? Kibali changu cha kuishi huku ugenini kinaisha baada ya mwaka mmoja na sijui kama nitabaki.

Bakari:
Dada, hiyo ni kuzidisha tu. 318 mara 36 ni 11,448. 466 mara 24 ni 11,184. Ya pili nafuu kwa 264. Saini ulale.

Zawadi:
Bakari, 300 umeiacha mlangoni. Mimi yalinikuta. Niliambiwa 7%, nikashangilia. Mkopo 10,000, miezi 24, rejesho 475. Zidisha: 11,400! Yaani 7% yangu ilikuwa ghali kuliko 11% ya Rehema, kwa sababu walipiga riba juu ya 10,000 nzima miaka yote miwili, kana kwamba sijarudisha hata senti. Nilikuja kugundua mwezi wa tisa.

Bakari:
Pole, lakini hakuuliza hayo. Kasema salio linalopungua.

Mzee Salimu:
Wanangu, taratibu. Bakari, jumla peke yake inadanganya. Mkopo wa miezi 36 lazima uwe na jumla kubwa, maana unakaa na hela ya watu mwaka mzima zaidi. Jumla inakwambia utatoa ngapi mfukoni, haikwambii hela hiyo inauzwa bei gani.

Bei utaipata ukianza na kilichoingia mkononi. Rehema hapokei 10,000, anapokea 9,700, lakini rejesho limepigwa kwa 10,000. Kwa hiyo uliza: ni riba gani ya mwezi inayofanya malipo 36 ya 318 yalingane na 9,700 ya leo? Kwenye jedwali la kompyuta andika:

```
=(1+RATE(36,-318,9700))^12-1
=(1+RATE(24,-466,10000))^12-1
```

Ya kwanza inatoa kama 11.7%, ya pili kama 11.6%. Ile 9% imeyeyuka, barua zimekaa karibu sawa.

Zawadi:
Yangu inaleta #NUM!

Mzee Salimu:
Umesahau alama ya kutoa kabla ya rejesho. Hela inayoingia na inayotoka lazima ziwe na alama tofauti.

Bakari:
Na kama kompyuta yako imepangwa kwa lugha ya huku, koma haikubali, weka nukta mkato. Mzee hakusema.

Mzee Salimu:
Sikusema, kweli. Lakini lenye uzito ni kibali. Rehema akilipa mkopo wa kwanza wote baada ya miezi 12, salio litakuwa kama 6,961. Ile 300 hairudi, sasa imebebwa na mwaka mmoja badala ya mitatu, na kiwango kinapanda hadi kama 13.5%. Wa pili unabaki 11.6% ukiondoka lini upendavyo, mradi hakuna faini ya kulipa mapema. Kifungu cha faini kitafute kwanza.

Zawadi:
Lakini 466 kila mwezi, Mzee? Na kodi ya nyumba? Wengine 318 ndiyo inayowaacha wapumue, hata ikiwa ghali.

Mzee Salimu:
Hapo sibishi.

Bakari:
Kwetu ungemfuata shemeji, akupe leo, akusimange miaka mitatu. Hiyo nayo ina kiwango chake.

Zawadi:
Shemeji angalau anajua jina lako. Huku miaka minane, bado naitwa kwa namba ya foleni.

Rehema:
Asanteni, Mzee shikamoo. Nimepata 11.7 na 11.6 kama ulivyosema. Faini nimeikuta kwenye barua ya pili, maandishi madogo ukurasa wa nyuma: 1% ya salio ukilipa kabla ya miezi 12. Ya kwanza haisemi kitu. Ila ile karatasi inaitwaje, bado hakuna aliyenijibu.

Bakari:
Kibali chako ni kile cha kazi au cha familia?