GPA ya jumla semesta tatu: njia A, B au C? Kila moja inanipa jibu lake

Kijana_wa_Kihesa
Habari za jioni wakuu. Niko mwaka wa pili, shahada ya miaka mitatu, nimemaliza semesta ya tatu. Mfumo wa chuo unaonyesha GPA ya kila semesta, ya jumla bado haijatoka. Semesta ya kwanza nilikuwa na krediti 48, GPA 4.0. Ya pili krediti 72, GPA 3.3. Ya tatu krediti 60, GPA 3.3 pia.

Njia A nimejumlisha GPA zote nikagawa kwa tatu, napata 3.53. Njia B nimezidisha kila GPA kwa krediti za semesta yake, nikajumlisha, nikagawa kwa 180, napata 3.48. Njia C ni kurudi kwenye kozi moja moja, ila kozi ni nyingi na uvivu umenishika. Shida ni kwamba daraja la pili la juu linaanzia 3.5. A inaniweka ndani, B inanitoa nje. Chuo kinatumia ipi?

Chalii_Sinza
Tumia A, usijichoshe. Semesta ni semesta, kila moja ina wiki zake zilezile na mitihani yake. Mimi nimefanya hivyo tangu mwaka wa kwanza na imekuwa ikikaribiana na ya chuo.

Mama_Mitihani
Chalii, kukaribiana na kuwa sawa ni vitu viwili. Semesta ya krediti 72 ina kazi mara moja na nusu ya ile ya 48, lakini A inazipa sauti sawa. Kwa wazo, B ndiyo iliyo karibu na kanuni. Hata hivyo nayo ina tobo. Kihesa, hebu tupe kozi za semesta ya pili, krediti na gredi zake.

Kijana_wa_Kihesa
Shikamoo mama. Ni hizi: mbili za krediti 15, zote B+. Mbili za 12, moja B+ na nyingine B. Moja ya 10, C. Ya mwisho ya krediti 8, C pia.

Mama_Mitihani
Marahaba mwanangu. Kwa vyuo vingi vya hapa Tanzania A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Zidisha kila kozi kwa krediti zake: 60, 60, 48, 36, 20, 16. Jumla pointi 240. Gawa kwa 72 unapata 3.333 na kuendelea.

Sasa angalia mfumo ulikuandikia nini: 3.3. GPA haipandishwi kwenda desimali iliyo karibu, inakatwa baada ya tarakimu ya kwanza. Ulipochukua ile 3.3 na kuizidisha kwa 72 ulipata 237.6 badala ya 240. Pointi 2.4 zimedondoka njiani, na hukuzidondosha wewe. Semesta ya kwanza ukipiga kozi zake utaona kama ni 192 kamili, na ya tatu kama ni 198 kamili. Zikiwa hivyo, jumla ni 630 kwa 180, yaani 3.50, palepale daraja la pili la juu linapoanzia.

Kwa hiyo C. Kukata desimali kunafanyika mara moja tu, mwishoni kabisa.

Kijana_wa_Kihesa
Nimezipiga zote usiku huu. 192 na 198, kamili kama ulivyosema. Asante sana mama, nimepumua.

Chalii_Sinza
Si nilisema? A ilitoa 3.5 bila jasho lote hilo 😂

Binti_Mwadui
Imekubahatikia, Chalii. Mimi kwenye matokeo yangu mafunzo kwa vitendo yamewekwa peke yake kama kipindi chake, krediti 12, nikapata A, kwa hiyo yanasomeka 5.0. Semesta iliyotangulia ilikuwa krediti 60, GPA 3.3 kamili. Kwa njia yako nina 4.15. Kwa pointi ni 198 na 60, jumla 258, kwa 72, inakuja 3.58. Niliwahi kumwambia baba nina nne, ikabidi nirudi kumweleza upya.

Fundi_Jedwali
Anayeogopa wingi wa kozi afungue jedwali kwenye kompyuta au simu. Krediti kwenye safu ya B, pointi kwenye C, kila kozi mstari wake, semesta zote zifuatane bila kuachana. Halafu:

```
=TRUNC(SUMPRODUCT(B2:B19,C2:C19)/SUM(B2:B19),1)
```

Badilisha 19 iwe mstari wako wa mwisho. Msitegemee kupunguza desimali kwa kitufe, kwa sababu kile kinapandisha: 3.46 itaonekana 3.5 na utashangilia bure. Na kama kuna kozi ambayo matokeo hayajatoka, futa mstari mzima. Ukiacha pointi wazi, krediti zake bado zinahesabiwa chini na GPA inaporomoka kama vile umepata sifuri.

Nakato_Kla
Mimi nasoma Makerere, naona mnafanana na sisi kwa kuwa nasi tunahesabu juu ya 5. Lakini kwetu alama 70 ni pointi 4.0, kufika 5.0 lazima uwe na 80. Tena tunaenda desimali mbili, na daraja la pili la juu linaanza 3.60. Hiyo 3.50 yako hapa ingekuwa daraja la pili la chini.

Mama_Mitihani
Umefanya vizuri kulisema hilo, Nakato. Vikokotoo vya mtandaoni havijui uko chuo gani. Kanuni ya krediti mara pointi ni ileile, jedwali la pointi ndilo linalobadilika.

Mzee_wa_Sapu
Na aliyebeba kozi? Mimi nilifeli kozi ya krediti 10 mwaka wa kwanza, nikairudia mwaka wa pili nikapata C. Nahesabu krediti 10 au 20?

Fundi_Jedwali
Kwetu ile ya kwanza inafutwa, inabaki C na krediti 10.

Binti_Mwadui
Rafiki yangu chuo kingine anasema GPA ya ule mwaka wa kwanza haikuguswa, ila sijui kwenye ya jumla walifanyaje.

Mama_Mitihani
Hapo sitakupa jibu la jumla, Mzee. Soma kifungu cha kurudia mitihani kwenye kitabu cha kanuni cha chuo chako, kisha piga hesabu zote mbili ulinganishe na karatasi yako.

Kijana_wa_Kihesa
Swali la mwisho. Natamani kubaki chuoni kufundisha, na matangazo ya wakufunzi wasaidizi yanataka 3.8. Zimebaki krediti 180. Bado inawezekana?

Mama_Mitihani
Krediti zote zitakuwa 360. Mara 3.8 ni pointi 1368. Unazo 630, zinabaki 738, na 738 kwa 180 ni 4.1. Maana yake ukipata B+ tupu mpaka mwisho utaishia 3.75, na kwa kuwa inakatwa itaandikwa 3.7. Unahitaji pointi 18 juu ya hapo: kozi zenye jumla ya krediti 18 ziwe A, na nyingine zote zisishuke chini ya B+. Kila krediti itakayoangukia B utailipa kwa krediti nyingine ya A. Kwa hiyo angalia kwanza kozi za 15 zimepangwa semesta ipi.

Chalii_Sinza
Kwa njia A ingekuwa ngapi?

Binti_Mwadui
Chalii, lala.