Wakala alijumlisha watu walewale mara nne, kisha akaniambia tangazo linakwenda vizuri

Mapazia Mwanza:

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, lakini nimeweka kila tarakimu mahali pake ili anayetaka kunikosoa anikosoe kwa hesabu.

Nauza mapazia Mwanza mjini. Nilimlipa wakala wa matangazo shilingi 150,000 kuwa ujira wake, nikaweka na bajeti ya shilingi 20,000 kwa siku kwa muda wa siku 28, yaani shilingi 560,000, ili aniendeshee tangazo la Facebook na Instagram linalomleta mteja moja kwa moja kwenye WhatsApp yangu. Tangazo lilikuwa picha moja ya pazia la kijani, na lilionyeshwa kwa wanawake wa mjini tu, kwa sababu mzigo naupeleka kwa bodaboda.

Siku zilipokwisha alinitumia ripoti ya ukurasa mmoja. Watu 375 wameanzisha mazungumzo, kila mmoja amegharimu shilingi 1,493, waliofikiwa ni watu 87,000, na marudio ni 2.1, maana yake kila mtu ameliona tangazo mara mbili na ushei. Chini yake ameandika kwamba tangazo lina afya njema na kwamba mwezi ujao niongeze bajeti iwe maradufu.

Mimi nilikuwa najua kuna jambo, kwa sababu simu ninayo mkononi. Wiki ya kwanza nilikuwa nashindwa hata kula kwa kujibu wateja, lakini wiki ya nne mama mmoja aliniandikia, "Dada, hilo pazia la kijani nimeliona mpaka nimelichoka, huna rangi nyingine?" Nikamwomba wakala aniruhusu niingie mwenyewe Ads Manager, pale Facebook wanapoweka takwimu zote za tangazo, akanizungusha siku tatu, hatimaye akakubali.

Nilipopanga takwimu kwa wiki, huku kila wiki ikiwa imekula shilingi 140,000 zilezile, nilikuta wiki ya kwanza walioandika ni 140, kwa shilingi 1,000 kila mmoja. Wiki ya pili ni 125, kwa shilingi 1,120. Wiki ya tatu walishuka hadi 70, kwa shilingi 2,000, na wiki ya nne walikuwa 40 tu, kwa shilingi 3,500. Hiyo 1,493 yake ni wastani uliozifunika wiki mbili mbaya kwa shuka la wiki mbili nzuri.

Jambo lililoniuma zaidi ni hao watu 87,000. Safu ya `Reach` ilionyesha 35,000, kisha 25,000, kisha 16,000, kisha 11,000, naye amezijumlisha kana kwamba kila wiki ni watu wapya. Nilipochagua siku zote 28 kwa pamoja, `Reach` ilikuwa 38,000 na `Frequency`, yaani marudio, ilikuwa 4.85. Ni watu walewale waliohesabiwa kila wiki, na kwa hesabu hiyo marudio yakashuka kwenye karatasi wakati kwenye simu za watu yanapanda.

Kwangu mimi, katika kila watu kumi wanaoandika ananunua mmoja, na seti moja ya mapazia inaniachia faida ya shilingi 18,000 kabla ya gharama ya tangazo. Kwa hiyo siwezi kulipa zaidi ya shilingi 1,800 kwa mtu mmoja anayeandika. Wiki ya tatu ilikwishavuka hapo. Niliuza seti 37 mwezi mzima, nikapata faida ya shilingi 666,000, na ukitoa tangazo na ujira wa wakala nimepoteza 44,000. Tungesimama baada ya wiki ya pili, seti 26 zingeniachia 38,000 mkononi. Huyu mtu alikuwa analifungua jukwaa kila siku, kwa nini hakuniambia?

Sponsa Mkweli:

Pole sana, dada. Na mimi naendesha matangazo ya watu, na jibu ni rahisi. Marudio yakifika 3 unazima tangazo, hakuna mjadala. Wakala wako alilala. Ila nawatetea wenzangu kidogo, kwa kuwa wateja wengi hutupigia simu kila asubuhi eti jana gharama imepanda, tungewasikiliza tungekuwa tunazima na kuwasha mpaka tangazo life.

Kipimo:

Ndugu Sponsa Mkweli, hilo la kila asubuhi umesema kweli. Siku moja yenye watu kumi walioandika haiamui kitu, kwa sababu kesho wanaweza kuwa ishirini bila mtu kugusa chochote. Lakini hiyo 3 yako ni 3 ya muda gani? Marudio ya siku 28 hayalingani na marudio ya siku 7. Tangazo likikaa muda mrefu, marudio ya jumla yatapanda tu hata kama kila wiki linaonyeshwa kwa kiasi. Kwa tangazo la dada, marudio ya wiki moja moja ni 1.4, 1.9, 2.8 na 3.9. Wewe ungemzimia mwishoni mwa wiki ya nne, wakati hasara ilianza wiki ya tatu marudio yakiwa bado chini ya 3. Kinyume chake, wapo wanaowaonyesha tangazo wateja wao wa zamani tu, kikundi kidogo, marudio yanafika 5 kwa wiki na watu wananunua kwa gharama ileile. Huyo utamzimia kwa kosa gani?

Marudio peke yake hayatoi hukumu. Yanakusaidia kujua sababu baada ya gharama kukuambia kwamba kuna tatizo. Dada, chukua tena takwimu zako utazame tangazo lilionyeshwa mara ngapi kwa jumla, safu ya `Impressions`. Ukizidisha watu kwa marudio, wiki ya kwanza lilionyeshwa mara 49,000 na wiki ya nne mara 42,900, kwa fedha zilezile. Maana yake bei ya kuonyeshwa imepanda kidogo tu, kwa hiyo si washindani waliokupandishia gharama. Sasa gawanya kwa walioandika. Wiki ya kwanza kila maonyesho 350 yalileta mtu mmoja, na wiki ya nne yalihitajika zaidi ya 1,070. Mtandao ulikuuzia nafasi karibu kwa bei ileile, ila waliokuwa wanaitazama hawakuwa na sababu ya kubonyeza tena. Wenye haja ya pazia la kijani waliandika mapema, na waliobaki walikwishaamua.

Nyumba ya Pwani:

Mimi nina nyumba ya wageni Malindi. Gharama yangu kwa kila anayeniandikia imepanda mara tatu tangu mwezi uliopita, na marudio yangu ni 1.2 tu. Nimebadilisha picha mara nne ndani ya wiki mbili, na hali inazidi kuwa mbaya. Kwa hiyo hata hayo marudio mnayoyasema si kweli kwamba ndiyo chanzo.

Kipimo:

Kwako wewe si chanzo, na hakuna aliyesema ni chanzo cha kila kupanda. Marudio yakiwa 1.2, watu wengi wameiona picha mara moja tu, kwa hiyo hawajaichoka. Tazama kwanza kama bei ya maonyesho 1,000 imepanda, kisha tazama kama msimu wa wageni umepita. Tena kila unapoweka picha mpya unaurudisha mfumo darasani. Meta, wenye Facebook na Instagram, wenyewe husema seti ya matangazo huhitaji matokeo kama 50 ndani ya wiki moja tangu badiliko kubwa la mwisho ndipo itulie. Wewe umebadilisha mara nne katika siku 14, kwa hiyo huenda haikupata wiki hata moja ya kutulia. Na bado sijui wageni wako huweka nafasi baada ya siku ngapi. Kama ni baada ya wiki tatu, gharama ya leo haiwezi kukuambia lolote kuhusu mapato ya leo.

Nyumba ya Pwani:

Wengine huchukua hata miezi miwili. Basi nitapimaje?

Mapazia Mwanza:

Naomba turudi kwenye ushauri wa kuongeza bajeti maradufu, kwa sababu huo ndio unaoninyima usingizi. Nilikuwa karibu kuufuata.

Kipimo:

Ungeufuata kwa picha ileile na mji uleule, ungekuwa unalipa mara mbili ili watu 38,000 waonyeshwe pazia la kijani kwa kasi zaidi. Bajeti huongezwa gharama ikiwa imetulia chini ya kikomo chako na marudio ya wiki bado yako chini, kama ilivyokuwa wiki yako ya kwanza. Wengi wetu huongeza kama sehemu ya tano, kutoka 20,000 hadi 24,000, kisha tunasubiri siku tatu au nne. Hiyo ni desturi ya kazi, si sheria iliyoandikwa mahali.

Ukishaongeza, usitazame wastani, kwa sababu utakudanganya vilevile ulivyokudanganya kwenye ripoti. Tuseme kwa 20,000 unapata watu 18 kwa siku, na kwa 40,000 unapata 24. Wastani utasoma shilingi 1,667, chini ya kikomo chako cha 1,800, nawe utafurahi. Lakini zile 20,000 za nyongeza zimeleta watu sita tu, kila mmoja kwa zaidi ya shilingi 3,300. Hao sita wamekutia hasara, na wale 18 wa mwanzo ndio waliowasitiri.

Sponsa Mkweli:

Hili la nyongeza nakiri sikuwa nalihesabu hivyo. Ila bado nasema mteja wa kawaida anahitaji namba moja ya kuishika, na kwangu ni 3.

Mapazia Mwanza:

Namba yangu ya kuishika ni 1,800, na nimeipata kwenye daftari langu la mauzo.

Nawapa na maendeleo. Nimesimamisha lile la kijani, na siku tano zilizopita nimeanzisha jingine mwenyewe, video fupi ya fundi akitundika mapazia sebuleni, kwa bajeti ileile ya 20,000. Limeleta watu 78, kila mmoja kwa shilingi 1,282, na marudio ni 1.6. Je, nipandishe hadi 24,000?

Kipimo:

Kati ya hao 78, wamenunua wangapi?

Mapazia Mwanza:

Watano. Wengine kama tisa wamesema wanasubiri mshahara wa mwisho wa mwezi.

Kipimo:

Basi ile moja ya kumi haipo tena kwa sasa. Watano mara 18,000 ni 90,000, na umetumia 100,000. Kwa wanunuzi hawa kikomo chako kimeshuka hadi karibu shilingi 1,150, ijapokuwa skrini inaonyesha gharama nzuri. Inawezekana video inawavuta watu wanaopenda kutazama kuliko wanaotaka kununua, na inawezekana pia kwamba hao tisa watalipa, hesabu ikageuka kabisa. Usizime wala usipandishe. Acha wiki itimie bila kuligusa, na mshahara ukitoka uje na idadi ya walionunua katika hao tisa.

Mapazia Mwanza:

Nitarudi na hesabu hiyo hapahapa. Wakala naye nimemwandikia anirudishie ujira wangu, na mpaka sasa amesoma bila kujibu.