Wasifu wa mhadhiri: machapisho au darasa?

MtuwaPongwe: Wadau, nafundisha takwimu chuo kimoja hapa Tanga, naandika upya wasifu wangu wa kwenye tovuti ya chuo. Machapisho ninayo manne tu ila darasani niko vizuri. Niandikeje bila kuonekana najisifu?

BwanaSapu: Weka asilimia ya waliofaulu basi. 95 wamepita, nani atabisha?

Makorora44: Mimi nabisha. Mtihani umetunga mwenyewe, umesahihisha mwenyewe, na pengine walikuja wanajua tayari. Kuna mwanafizikia wa Marekani, Richard Hake, 1998 alitoa data za wanafunzi zaidi ya 6,000, hakuangalia alama ya mwisho tu, aliangalia wamepanda kiasi gani kati ya walichobakiza kupanda:

```
(baada - kabla) / (100 - kabla)
```

Yaani darasa lako wiki ya kwanza wastani 40, mwisho wa muhula 70. Walibakiza 60, wamepanda 30, hiyo 0.5. Kwake yeye madarasa ya mwalimu kuongea tu yalipata kama 0.23, yale ya wanafunzi kubishana na kujibu papo hapo 0.48. Ila hiyo ni fizikia ya mwendo, usijilinganishe nayo kwenye takwimu. Wewe andika: "Kila kipindi wanafunzi wanapiga kura kwenye swali moja, wanabishana na jirani, wanapiga tena. Wastani wa testi ya dhana umetoka 40 hadi 70 kwa waliofanya zote mbili."

ShangaziNgamiani: Mwanangu mbona wengine mnaambatanisha cheti cha kuzaliwa kwanza? Wangu aliomba kazi bandarini walimdai.

MtuwaPongwe: Shikamoo shangazi, hii siyo ya kuombea kazi. @Makorora44 kwa nini waliofanya zote mbili tu?

Makorora44: Kwa sababu waliokata tamaa katikati mara nyingi ndo wale wa chini, sasa ukiwahesabu mwanzo halafu mwishoni hawapo, wastani unapaa wenyewe na wewe hujafundisha kitu. Taja pia wangapi walidisko. Na karatasi za testi ya kwanza zikusanye zote, maana mwishoni unarudia ileile, na zikitoka mlangoni tu ziko kwenye magrupu ya watsapu.

BwanaSapu: Na zile fomu wanafunzi wanakupa maksi? Mimi wangu nilimpa 5 zote, alikuwa anachekesha balaa

Makorora44: Umejijibu. Harvadi 2019 Deslauriers na wenzake walikuta waliofanyishwa kazi darasani wamejifunza zaidi, ila wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko wenzao waliosikiliza mhadhara mtamu.

DadaRaskazone: Msizidishe. Mie nilihangaika kutafuta msimamizi wa uzamivu, profaili zimejaa "napenda wanafunzi wangu", anatafiti nini hakuna. Machapisho yakae juu.

MtuwaPongwe: Na mkuu wa idara ndo msimamo wake huo, tena nafasi ni maneno 150.

Makorora44: Wanaosoma ukurasa ule wengi ni wa digrii ya kwanza dada, wa uzamivu wangapi? Mstari mmoja wa utafiti unamtosha.

DadaRaskazone: Haunitoshi.