Wakuu msaada, simu inakataa app niliyotumiwa WhatsApp

Mkulima_Uyole: Habari zenu wakuu. Nimetumiwa fail la app kwenye grupu, nikiligusa simu inasema kwa usalama wangu hairuhusiwi kuweka app zisizojulikana kutoka hapa, nikienda Settings nakuta swichi ya "Allow from this source". Nikiwasha simu inaingia virusi au inanitisha tu? Nina haraka.

Babu_Mwanjelwa: Washa kijana, mi app ya mpira niliiweka hivyohivyo na simu inadunda. Ukimaliza zima, hapo uko salama kabisa.

Fundi_Kabwe: Babu, kuzima ni sawa ila hakuitoi app iliyokwisha kuingia. Na hilo onyo halijapima kilichomo kwenye fail, linakwambia tu kwamba WhatsApp ndo inataka kukuwekea app. Zamani swichi ilikuwa moja ya simu nzima, toka Android 8 mwaka 2017 kila app inaombewa ruhusa yake. Kwa hiyo ukiiachia WhatsApp imewashwa, fail la kesho la mtu mwingine halitakutana na hilo onyo, utaulizwa tu "Install" au "Cancel" na kidole kishazoea. Sasa app yenyewe ya nini?

Mama_Mafinga: Jamani na mimi yangu inasema nafasi imejaa hata picha za harusi hazifunguki, nifute nini?

Mkulima_Uyole: App ya kawaida tu mkuu.

Fundi_Kabwe: Kawaida ipi? Mbona haiko Play Store?

Mkulima_Uyole: Sawa, ya mkopo. Nataka mbegu ya viazi na benki wanazungusha. Dada wa kwenye grupu kasema Play Store wanachelewa kuipitisha. Jana niliwasha ikaingia, ikaomba kusoma meseji nikakubali, si lazima wahakiki namba? Ila Accessibility inagoma, inaandika "Restricted setting". Nipiteje hapo?

Chai_Rungwe: Juu unauliza uwashe au usiwashe, huku uliwasha jana 😂 Chai ya Tukuyu hii, tupia skrinshoti.

Mkulima_Uyole: Niliona aibu kusema. Simtungii mtu.

Fundi_Kabwe: Iwe chai isiwe chai, usipite hapo. Android 13 kwenda juu inazuia Accessibility kwa app zilizoingia kwa njia kama yako, kwa sababu mwenye ruhusa hiyo anasoma kioo chote na kubonyeza kwa niaba yako. Meseji umeshampa, maana yake code za benki anaziona. Zima data, ifute app, halafu ingia "Install unknown apps" uizime WhatsApp. Namba za siri badilisha ukiwa na simu nyingine.

Babu_Mwanjelwa: Lakini wengine kwenye grupu si wamepata hela?

Mkulima_Uyole: Wanasema wamepata babu. Na nikiifuta, ile elfu 15 ya usajili naidai wapi?

Chai_Rungwe: Kumbe na usajili ulilipa!